Misuli Juu, Homoni Chini

Anayeuza vidonge vya misuli jimu huwa na majibu matatu tayari kabla hajaulizwa. Kwanza, hii si steroidi. Pili, haina sindano. Tatu, inakwenda kwenye misuli tu, sehemu nyingine za mwili haizigusi. Kopo lenyewe limeandikwa kifupi kama LGD-4033, RAD140 au MK-2866, au jina lenye kipande cha “andro” ndani yake, na aghalabu linapangwa rafu moja na poda ya protini na kreatini. Kijana wa miaka 20 anayepiga chuma mwaka wa pili sasa, na kifua bado hakijajaa kama cha wenzake, haoni tofauti kati ya kopo hilo na lile la jirani yake.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Protini ni chakula, na kreatini ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza na nyama na samaki vinacho. Vile vya kopo la tatu ni homoni, au kemikali zinazojifanya homoni. Madhara yake makubwa hayaonekani kwenye kioo cha jimu. Kinachoonekana humo ni misuli, nayo huwa imejaa kweli.

Katika jibu la pili muuzaji anasema kweli, kwa kuwa sindano haihitajiki. Ukweli wa jibu la kwanza na la tatu ulipimwa huko Boston, Marekani, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013. Watafiti walichukua wanaume 76 wenye afya njema, wa miaka 21 hadi 50. Wengine walipewa kidonge kisicho na dawa, wengine LGD-4033 ya miligramu 0.1, wengine 0.3 na wengine 1, kila siku kwa siku 21. Dawa hiyo, ambayo jimu huitwa pia ligandroli, iko katika kundi liitwalo SARM. Kundi hili lilibuniwa miaka ya 1990 ili madaktari wapate namna ya kurudisha misuli ya wazee na wagonjwa waliodhoofika, bila kuchochea tezi dume kama steroidi za zamani zinavyofanya. Molekuli yake inakaa kwenye vipokezi vilevile ambavyo testosteroni hukaa, ila imeundwa ili ifanye kazi zaidi kwenye misuli na mifupa.

Misuli iliongezeka kweli. Waliokunywa miligramu 1 waliongeza wastani wa kilo moja na ushei ya uzito usio wa mafuta katika wiki tatu. Lakini damu yao ilisimulia mambo mengine. Testosteroni yao wenyewe ilishuka takriban nusu, na ile sehemu yake iliyo huru kufanya kazi mwilini ilishuka pia. Homoni ya FSH, ambayo ubongo huituma kuziamuru korodani zitengeneze mbegu, ilipungua. Lehemu nzuri, ile HDL inayosaidia kuondoa mafuta kwenye mishipa ya damu, ilianguka. Baada ya kuacha dawa, vipimo vilirudi vilipokuwa mwanzo.

Habari hiyo njema ya mwisho ndiyo wauzaji huinukuu. Wasichokinukuu ni dozi. Wanaume wale walikunywa miligramu 1 kwa siku 21 chini ya macho ya madaktari, wakati vijana wa jimu hunywa miligramu 5 hadi 10 kwa siku, kwa wiki nane au kumi na mbili, na mara nyingi huchanganya na kopo la pili. Dozi kama hizo, kwa muda kama huo, hazina jaribio la kuzitetea.

Kwa nini dawa ya kujenga misuli ishushe homoni ya kiume? Jibu liko kichwani, si kwenye misuli. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, haipothalamasi, inayopima kila wakati ni kiasi gani cha homoni ya kiume kimo kwenye damu. Kikipungua, huitumia ishara tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo pituitari hutoa homoni mbili: LH, inayoziambia korodani zitengeneze testosteroni, na FSH, inayosimamia utengenezaji wa mbegu. Kiasi kikitosha, ishara hupunguzwa. Ni sawa na boya la tangi la maji lililo juu ya paa: maji yakijaa boya hupanda na kufunga koki, yakipungua hushuka na koki hufunguka.

Haipothalamasi haina macho ya kutambua kwamba kilichoingia ni SARM na si testosteroni. Inachojua ni kwamba vipokezi vyake vimeshikwa, kwa hiyo huhesabu kuwa homoni imejaa, na hufunga. Pituitari hunyamaza, na korodani, ambazo haziwezi kufanya kazi bila amri, hupunguza kazi au husimama kabisa. Kadiri dozi inavyokuwa kubwa na siku zinavyokuwa nyingi, ndivyo zinavyosinyaa. Kile kinachoitwa kuchagua misuli kinahusu tezi dume na viungo vingine. Ubongo haumo katika orodha ya vitu vinavyoachwa salama.

Jambo hili limejulikana na sayansi kwa muda mrefu, kiasi kwamba liliwahi kujaribiwa kama njia ya uzazi wa mpango. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1990, wanaume 271 walidungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki, na 157 kati yao wakafikia hatua ya kutokuwa na mbegu hata moja kwenye manii. Wengi husituka wakiambiwa kwamba homoni ya kiume inayotoka nje ya mwili inaweza kumfanya mwanaume asizalishe. Sababu ni kwamba mbegu hutengenezwa kwa testosteroni iliyomo ndani ya korodani zenyewe, ambako kiwango chake ni mara nyingi zaidi kuliko kwenye damu. Sindano na vidonge haviwezi kukifikisha kiwango hicho huko. Vinachofanya ni kukizima kile kinachozalishwa humo.

Mfano wa kijana mmoja, ambaye taarifa zake zilichapishwa na watafiti wa Marekani mwaka 2022 bila kumtaja jina, unaonyesha jinsi mambo yanavyokwenda katika mwili mmoja. Alikuwa na miaka 25, mwenye afya, na mazoea ya kunyanyua vyuma. Kwa wiki tano alikunywa miligramu 10 za LGD-4033 kila siku pamoja na miligramu 15 za MK-677, kemikali nyingine inayouzwa pamoja na SARM ingawa haimo katika kundi hilo. Hii huchochea homoni ya ukuaji, na huongeza hamu ya kula.

Kwa macho ya jimu, wiki hizo tano zilikuwa za ushindi. Uzito wake uliongezeka takriban asilimia 6 na nguvu zake za kunyanyua zikapanda. Lakini vipimo vilionyesha kuwa mafuta ya mwili nayo yameongezeka, si misuli peke yake. Testosteroni yake ilishuka zaidi ya asilimia 60. Lehemu nzuri ilipungua zaidi ya theluthi moja, na lehemu mbaya ikapanda zaidi ya nusu ya ilivyokuwa. Yote hayo ndani ya wiki tano, kwa kijana ambaye angepita mtaani mtu angedhani homoni zake zinafurika.

Hapo ndipo hatari inapojificha. Dawa ikiwa mwilini inafanya kazi ya testosteroni kwenye misuli, kwa hiyo mtumiaji hahisi upungufu pale anapoangalia. Testosteroni ya kweli hata hivyo ina kazi nyingine ambazo SARM haizibebi zote. Sehemu yake hubadilishwa kuwa estrojeni, homoni ambayo mwanaume pia anaihitaji kwa ajili ya mifupa, hamu ya mapenzi na utulivu wa akili. SARM haibadiliki hivyo. Ndiyo maana wapo vijana wanaolalamika kuwa wamechoka, wamepoteza hamu na hawana furaha, huku mikono yao ikizidi kunenepa.

Prohomoni, yale makopo ya “andro”, hukosea kwa upande mwingine. Hizi ni malighafi: si homoni kamili, bali kemikali ambayo vimeng’enya vya mwili huibadilisha kuwa homoni baada ya kumezwa. Jina lao lilivuma mwaka 1998, pale mwandishi wa habari alipoona chupa ya androstenedioni kwenye kabati la Mark McGwire, mchezaji wa besiboli wa Marekani aliyekuwa akiivunja rekodi ya mapigo ya nje ya uwanja. Msimu huo alifikisha mapigo 70. Wakati ule chupa ile iliuzwa kihalali dukani kama kirutubisho, na vijana wa shule wakaikimbilia.

Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa walichapisha walichokipata. Vijana wa kiume waliokuwa kwenye mazoezi ya uzito kwa wiki nane walipewa miligramu 300 za androstenedioni kwa siku, na wenzao vidonge vitupu. Nguvu zao hazikuzidi za wenzao, na testosteroni yao haikupanda. Kilichopanda kilikuwa estrojeni, na lehemu nzuri ikashuka. Mwili ulikuwa umeichukua malighafi na kuielekeza kwenye homoni ya kike badala ya ile iliyoandikwa kwenye matangazo.

Estrojeni ikizidi kuliko homoni ya kiume, tishu za matiti huanza kukua. Kijana huhisi kidonge kigumu chini ya chuchu, chenye kuuma kikiguswa, na wengi hudhani ni mafuta ya kifua yatakayoyeyuka kwa mazoezi. Si mafuta. Mapema hali hiyo huweza kurudi nyuma, ila tishu ikishakomaa na kuwa ngumu, kinachoiondoa ni upasuaji. Kwa mvulana ambaye bado anarefuka kuna hasara ya pili isiyorekebishika: estrojeni hiyohiyo ndiyo inayoviambia vipande laini vya kukulia vilivyo kwenye ncha za mifupa vifunge, na vikifunga kabla ya wakati, urefu unaishia hapo.

Androstenedioni ilipigwa marufuku Marekani kwa sheria ya mwaka 2004, lakini marufuku ilizaa akili nyingine. Watengenezaji walibadilisha kidogo umbo la molekuli, wakatoa bidhaa mpya isiyotajwa kwa jina kwenye sheria. Moja ilikuwa methasteroni, iliyoingia sokoni mwaka 2005 kwa jina la Superdrol na kuitwa prohomoni, ingawa kwa kweli ilikuwa steroidi kamili ya kumeza. Iliongezwa rasmi kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa mwaka 2012, miaka saba baadaye.

Steroidi za kumeza za aina hiyo zimefungwa kipande cha ziada cha kemikali ili ini lisiziharibu zinapopita kwa mara ya kwanza. Kwa sababu haziharibiki upesi, hulielemea ini lenyewe. Nyongo huacha kutiririka kama kawaida na kurudi kwenye damu. Dalili zake zinatambulika bila kifaa: macho kuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo kupauka, na mwili kuwasha usiku kucha bila upele. Ini limeripotiwa kuumia kwa namna hii hata kwa vijana waliotumia SARM kama LGD-4033 na RAD140. Hali hiyo huweza kuendelea kuzidi kwa wiki kadhaa baada ya vidonge kuachwa, na ndiyo sababu mwenye dalili hizo hatakiwi kusubiri nyumbani kwa matumaini kuwa ameshaacha.

Haya yote ni endapo kilichomo ndani ya kopo ndicho kilichoandikwa nje. Mwaka 2017 watafiti walinunua mtandaoni bidhaa 44 zilizouzwa kama SARM na kuzipima maabara. Zilizokuwa na SARM kweli zilikuwa nusu tu na kidogo. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo zilikuwa 18. Nne hazikuwa na dawa yoyote, na kumi na moja zilikuwa na kitu ambacho lebo haikukitaja kabisa. Hivyo mtu anayesema amekunywa miligramu 10 hawezi kuwa na uhakika wa kiasi wala wa dawa yenyewe.

Ubaya wa mchanganyiko huo ulimfika mkimbiaji wa Uingereza CJ Ujah. Kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, yeye na wenzake watatu walipata medali ya fedha ya mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne. Sampuli yake ikaonyesha ostarini, jina la pili la MK-2866, na S-23, zote mbili SARM. Wachunguzi walikubali kuwa hakukusudia, na kwamba dawa zilitoka kwenye kirutubisho kilichochafuliwa, alichokinunua mtandaoni kwa takriban pauni 10. Hata hivyo timu nzima ilinyang’anywa medali, naye akafungiwa miezi 22. Ujah alikuwa na maabara ya kumwambia kilichomo mwilini mwake. Kijana wa mtaani hana.

Kisheria makopo haya hukaa kwenye mwanya kati ya chakula na dawa. Marekani, ambako mengi yalibuniwa, sheria ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho kuingia sokoni bila kuidhinishwa kwanza, na wauzaji wa SARM huukwepa hata udhibiti huo mdogo kwa kuandika pembeni kuwa bidhaa ni kwa utafiti tu na si kwa matumizi ya binadamu. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa onyo mwaka 2017 ikitaja ini, mshtuko wa moyo na kiharusi, na mwaka 2023 ikawaonya vijana moja kwa moja. Shirika la kimataifa la kupambana na dawa michezoni lilikwisha kuzipiga marufuku tangu 2008. Tanzania, udhibiti wa vyakula ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na dawa zikabaki chini ya TMDA. Anayetaka kuhakiki kopo lake aanze kwa kuuliza lilisajiliwa wapi kati ya hizo mbili, na kwa jina gani.

Kwa aliyekwisha kutumia, swali kubwa ni kama koki itafunguka tena. Kwa wengi hufunguka. Uchambuzi wa majaribio ya uzazi wa mpango yaliyotumia homoni za kiume ulionyesha kuwa baada ya kuacha, theluthi mbili ya wanaume walirudisha mbegu kwenye kiwango cha kutosha ndani ya miezi sita, asilimia 90 ndani ya mwaka, na waliobaki ndani ya miaka miwili. Wale hata hivyo walitumia dawa safi kwa dozi inayojulikana. Kutengeneza mbegu kamili huchukua zaidi ya miezi miwili hata koki ikiwa imefunguka, kwa hiyo hesabu ya mbegu iliyopimwa wiki tatu baada ya kuacha haimwambii mtu kitu.

Kipindi cha katikati, dawa ikiwa imetoka na korodani bado hazijaamka, ndicho kigumu kuliko vyote. Hapo mtu hana homoni ya nje wala ya ndani. Misuli hupungua mbele ya macho, asubuhi uume hausimami, hamu haipo, usingizi ni mbaya na moyo umejaa huzuni. Wengi hukatiza kipindi hicho kwa kufungua kopo jingine, au kwa sindano ya testosteroni wanayoshauriwa na wenzao. Nafuu hupatikana ndani ya siku chache, na boya hupanda tena. Kuna wanaouziwa pia vidonge vya klomifeni au tamoksifeni ili “kuamsha” mwili. Hizo ni dawa za hospitali zenye madhara yake, na kununuliwa kwenye kopo lisiloaminika ni kurudia kosa lilelile.

Kinachosaidia ni kipimo cha damu kinachosomwa vizuri. Damu ichukuliwe asubuhi, mapema kabla ya saa nne, kwa kuwa testosteroni huwa juu wakati huo na hushuka kadiri siku inavyosonga. Testosteroni peke yake haitoshi. Daktari anahitaji kuona LH na FSH pembeni yake. Testosteroni ikiwa chini na LH ikiwa chini pia, maana yake ubongo bado umefunga, na mara nyingi muda utaufungua. Testosteroni ikiwa chini huku LH ikiwa juu, ubongo unapiga kelele na korodani haziitikii, na hilo ni tatizo la namna nyingine. Testosteroni ikiwa ya kawaida au juu huku LH ikikaribia sifuri, homoni inatoka nje, hata kama mgonjwa anakana.

Pamoja na hivyo hupimwa ini, lehemu na wingi wa chembe nyekundu za damu, na kwa anayetaka mtoto, manii. Kipimo kikirudiwa baada ya miezi mitatu huonyesha kama namba zinapanda. Jambo moja hurahisisha kazi ya daktari kuliko maelezo marefu: mgonjwa aje na kopo lenyewe, hata likiwa tupu, na ataje wiki na dozi bila kupunguza. Kijana anayeficha hupimwa malaria, taifodi na msongo wa mawazo kabla mtu hajafikiria kuagiza kipimo cha LH.